Siku za Kiporo za Shemeji

Shemeji yangu alikuja kuoa kwetu akiwa na shati moja na mashavu mawili, na siku ileile nilimwambia mdogo wangu kwamba mwanamume huyu hana ubaya ila mmoja: hajui kudai. Ukimpa chai isiyo na sukari ataimaliza, atashukuru, kisha atakuuliza kama mgongo umepona. Nimewahi kumwona akikanyagwa na mtu sokoni, yeye ndiye aliyeomba radhi, na yule mtu akaipokea!

Mdogo wangu akanijibu, "Dada, wewe unadai kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi niachie huyu mpole." Nikamwachia. Wakaishi vizuri kuliko wengi waliooana kwa ngoma na kelele.

Kazi yake ilikuwa kuwasha boila katika kiwanda cha kufulia nguo, kile kinachofua mashuka ya hospitali na mataulo ya hoteli. Hilo boila nimeliona kwa macho yangu. Ni pipa la chuma lililolala chali, kubwa hivi kwamba paka mmoja aliingia nyuma yake akimkimbiza panya, na alipotokea mbele alikuwa na wajukuu. Anayebisha na abishe. Mvuke wake unapita kwenye mabomba mpaka kwenye mashine za kufulia, mpaka kwenye vikaushio, mpaka kwenye pasi kubwa za kunyooshea mashuka. Boila likilala, kiwanda kizima kinalala. Na mwenye cheti cha kulilinda alikuwa mmoja tu, shemeji.

Ndiyo maana likizo kwake ilikuwa kitu cha kusikia kwa wenzake.

Si kwamba hakuwa nazo. Kila mwezi unaoufanyia kazi unakuangulia siku zako mbili tatu za mapumziko, na mwaka ukiisha zinakuwa furushi. Ukienda likizo, unakaa nyumbani na mshahara unakuja kama kawaida, kana kwamba uko kazini. Usipoenda, zinavuka mwaka. Wapiga pasi pale kiwandani walizibatiza siku hizo zilizovuka: kiporo. "Una kiporo?" "Ninacho cha mwaka jana." Shemeji walimwita Bwana Sufuria, kwa sababu kiporo chake kilikuwa kimejaa mpaka mfuniko haufungi.

Sasa kulikuwa na adabu yao pale, sijaiona kwingine. Mtu hakujaza fomu ya likizo hivihivi. Kwanza alikwenda mlangoni kwa msimamizi, akaomba kwa mdomo, kwa upole. Msimamizi akikubali, ndipo fomu inajazwa. Asipokubali, mnaagana, hakuna karatasi. Kupeleka fomu kabla ya kuomba kwa mdomo kulihesabiwa ni kumtia mwenzako kidole jichoni, kwa sababu ungemlazimisha akuandikie "hapana," nanyi mchana mnakula sahani moja. Walijivunia adabu hiyo. Walisema kiwanda chao hakijawahi kumkatalia mtu likizo kwa maandishi, na ilikuwa kweli tupu.

Msimamizi mwenyewe aliitwa Subiri Kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo la huruma na miguu inayomuuma, na kila shemeji alipokwenda mlangoni kwake alisikia maneno hayohayo. "Subiri kidogo, ndugu yangu, hoteli zimejaa." "Subiri kidogo, hospitali wameongeza wodi." Shemeji alirudi kwenye boila lake akiwa ameridhika. "Hazipotei," alikuwa akituambia jikoni. "Zinakaa. Iko siku nitazichukua zote kwa mpigo, nikae na huyu msimu mzima mpaka anichoke."

Mdogo wangu alikuwa akicheka. "Nilishakuchoka zamani, naona aibu tu kusema."

Kisha mdogo wangu akaanza kusahau.

Mwanzo tulidhani ni utani wake. Alitia sabuni kwenye birika la chai, tukacheka. Aliniita mama, nikamwambia basi nipe heshima yangu ya mama. Lakini alipotoka kwenda dukani akarudishwa na muuza mkaa, kwa kuwa alikuwa amesimama barabarani hajui nyumba ni ya kushoto au ya kulia, hakucheka mtu. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utatembea taratibu lakini hautarudi nyuma. Nikahamia kwao ili nisaidie, mchana nikawa naye mimi.

Mimi alinipoteza mapema. Majirani akawapoteza, watoto wake waliokuwa mbali akawachanganya majina. Mumewe hakumpoteza. Kila jioni alisimama mlangoni, akampokea kikopo cha chakula, akamshika mkono, akamwambia, "Umechelewa." Hata akiwahi alimwambia amechelewa.

Hapo ndipo shemeji alipotamani zile siku zake kwa kweli. Aliniambia tukiwa tunachambua mchele, bila kunitazama, "Shemeji, nataka kuzila zote sasa. Nikae naye mchana kutwa wakati bado ananijua. Baadaye zitanifaa nini?"

"Kadai," nikamwambia.

"Nitaomba," akasema.

Asubuhi moja alisahau miwani yake nyumbani. Nikamwacha mdogo wangu kwa mke wa muuza mkaa, nikaifuata njia mpaka kiwandani. Nilimkuta shemeji kwenye chumba cha boila amesimama na msichana mwembamba mwenye kalamu nywelani. Huyo ndiye mhasibu. Alikuwa ametoka ofisini kwake mwenyewe kumfuata, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba habari asiyojua pa kuiweka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni, mimi ni miwani tu."

Akamgeukia shemeji. "Baba, kama nilivyosema, kila mwisho wa mwaka naandika siku zenu zote zilizobaki kama deni la kampuni kwenu. Siku mara mshahara wa siku moja. Tena mshahara wa sasa, si wa mwaka ulipoipata siku hiyo."

"Ina maana nikiongezwa mshahara?"

"Siku za zamani nazo zinapanda."

Nikashindwa kunyamaza. "Hiki ndicho kiporo pekee duniani kinachonenepa kabatini!"

Msichana akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. "Tatizo, bibi, ni kwamba tajiri anauza kiwanda. Mnunuzi ameona deni la likizo, na kubwa kuliko yote ni la baba hapa. Amesema lipungue, au bei ishuke. Tajiri ameniambia nifuate kanuni ya kampuni kama ilivyo, kitu ambacho hakuna aliyekifanya hapa tangu nije."

"Kanuni inasemaje?" shemeji akauliza.

"Mwaka ukiisha unaruhusiwa kuvuka na siku kumi. Hizo nazo uzimalize kabla mwezi wa sita haujaisha. Zilizozidi zinafutwa. Isipokuwa zile ambazo kampuni yenyewe ilikuzuia kuzichukua. Hizo hazifutwi, hata zikiwa na ndevu."

Shemeji akapumua. "Basi zangu ni hizo. Nilizuiwa."

"Nilijua, baba. Nipe basi fomu zilizokataliwa."

Akamtazama. "Fomu? Hatukufika kwenye fomu."

"Hata moja?"

"Mwanangu, ningejazaje fomu wakati ameshaniambia nisubiri? Ningekuwa mtu gani?"

Yule msichana akatoa kalamu nywelani, akairudisha. Boila likanguruma nyuma yetu, likanyamaza, likanguruma. "Iko njia moja," akasema. "Msimamizi aandike kwamba uliomba, na yeye ndiye aliyekuzuia kwa ajili ya kazi. Mstari mmoja na sahihi, inatosha. Nafunga hesabu Ijumaa. Ikinifikia kabla ya hapo, siku zako naziacha mahali pake."

"Na akiacha kazi leo?" nikauliza. "Wampe fedha zake aende?"

"Akiacha kazi atalipwa taslimu siku zinazotambulika, bibi. Akiwa kazini hatuzinunui, anapumzika tu huku mshahara ukiendelea. Lakini bila ile sahihi zitakazotambulika ni zile kumi, na mshahara wenyewe utakuwa umekatika."

Shemeji akavaa miwani yake, akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. "Tusiende huko. Dawa za mwenzangu zinatoka kwenye mshahara huo."

Tukaenda kwa Subiri Kidogo. Nilikwenda naye, nani angenizuia? Nilimwambia njiani, "Ukifika sema moja kwa moja. Usianze na magoti yake."

Akaanza na magoti yake.

"Vipi miguu, bwana?"

"Ah, miguu ndiyo hii, ndugu yangu. Usiku hainiachi."

"Ulijaribu maji ya moto?"

"Nimejaribu. Na mama nyumbani?"

"Yupo. Jana alinitambua."

Nikamfinya shemeji mkono mpaka akaruka. Akakohoa. "Kuna kakaratasi, bwana. Mhasibu anakahitaji. Ka zile siku zangu. Ukipata nafasi, lakini."

Subiri Kidogo akavitazama viatu vyake. "Nimekasikia. Subiri kidogo, tutaona."

Hapo damu ikanipanda. "Wewe baba, ulimnyima huyu likizo au hukumnyima?"

"Mama, sikumnyima." Alisema taratibu, bila hasira, na ndilo jambo lililonitisha. "Sijawahi kumnyima mtu hapa. Nilimwambia asubiri."

"Tofauti yake nini?"

"Nikiandika kwamba nilimzuia miaka yote hii, mwenye mali mpya ataniuliza swali moja tu: kwa nini hukufundisha mtu wa pili? Nitajibu nini? Wanachagua nani abaki, mama. Nina watoto wanasoma. Na umri huu nani atanichukua na miguu hii?" Akamwinulia shemeji macho. "Wewe unanijua, ndugu yangu. Kama ingekuwa jambo langu peke yangu."

Nilifungua kinywa nimpe maneno ambayo hata boila lingeyasikia likazimika. Shemeji akanishika bega. "Twende, shemeji. Mtu asibanwe ukutani."

"Na wewe uliyebanwa?"

"Mimi nimezoea joto."

Jumatano akapita tena mlangoni pale, akasalimia. Alhamisi akapita, wakala sahani moja kama kawaida, wali haukumkaba yeyote kati yao. Ijumaa mhasibu alikaa na hesabu wazi mpaka mlinzi akaanza kufunga mageti. Aliteremka mara mbili kumwuliza msimamizi, na mara zote mbili akaambiwa ametoka kidogo. Kisha akazifuta. Alikwenda kumwambia shemeji mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Nimeziondoa, baba. Nisamehe. Sasa deni limepungua, na kilichopungua kinahesabiwa kuwa faida ya mwaka."

"Faida ya nani?" shemeji akauliza, si kwa kejeli, alitaka kujua tu.

Msichana akamshikia mlango.

Zikabaki kumi. Safari hii shemeji alijaza fomu, ikapita siku hiyohiyo. Na mtu wa kushika boila, yule ambaye miaka yote hapatikani hata ukimtafuta kwa tochi, alipatikana ndani ya siku mbili, fundi wa kukodi, kijana wa watu, anapiga mluzi. Mnunuzi ndiye aliyemleta. Shemeji alimwonyesha vali zote, akamwachia hata kitambaa chake cha kushikia.

Jumatatu ya likizo aliamka kwa utulivu. Akaoga kwa maji mengi, akajipaka mafuta, akavaa shati la kutokea. Nilimtania, "Unaoa tena, shemeji?" Akasema, "Nikikubaliwa." Akaketi sebuleni kwenye kiti cha karibu na dirisha, akamngoja mkewe atoke chumbani.

Mdogo wangu akatoka. Akasimama. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akavuta khanga yake vizuri, kisha akanifuata jikoni, akaninong'oneza. "Mama, huyu mgeni ni wa nani?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Si mumeo huyo?"

"Mume wangu yuko kazini." Akasema kwa fahari kabisa. Akarudi sebuleni na glasi ya maji, akaipokeza kwa mikono miwili. "Karibu, baba. Mwenye nyumba hayupo. Atarudi jioni, ukiweza mngoje."

Shemeji akapokea maji. "Nitamngoja," akasema.

Akangoja, jamani. Mchana kutwa alikaa kwenye nyumba aliyoijenga akiwa mgeni wa mkewe. Akamsimulia siku waliyooana, mvua ilivyowanyeshea na mimi nilivyoanguka na sufuria ya nyama kichwani. Hapo naweka sawa: sikuanguka, niliteleza, na sufuria ilianguka yenyewe. Mdogo wangu alicheka mpaka akapiga makofi. "Mume wangu naye hukipenda kisa hicho. Mtaelewana sana." Jioni ilipofika akajitengeneza, akaenda kusimama mlangoni anatazama barabara, na mumewe ameketi nyuma yake hatua chache. Giza lilipoingia alianza kulia. Akasema mumewe amechelewa mno leo, kuna kitu kimempata. Na alipoona yule mgeni anaelekea chumbani alipiga ukelele, akaja kulala kwangu, akafunga komeo.

Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo, ila alikataa na chakula, kwa sababu mwenyewe hajarudi.

Siku ya nne shemeji alichukua ovaroli lake la kazi na kikopo cha chakula, akatokea mlango wa nyuma bila kusema. Akazunguka mtaa mzima, akaja kwa mbele saa ile ile anayotokaga kazini. Nilimwona dirishani, mtu mzima na mvi zake, anaigiza kurudi. Mdogo wangu alimwona akiwa mbali, uso ukafunguka. Akampokea kikopo. "Umechelewa!" Kisha akamshika mkono kama alivyozoea.

Akauacha.

"Una baridi," akasema. Akaushika tena, akaugeuza kiganja juu. "Huu si mkono wake. Wake ukitoka kazini una moto." Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Hizi nguo umezitoa wapi? Mume wangu umemfanya nini?"

Usiku ule sisi watatu hatukulala vizuri, na sitausimulia.

Kulipokucha nilimkuta shemeji mezani amevaa ovaroli, kikopo kimejaa.

"Unakwenda wapi? Una siku zako sita mezani."

"Nimezingoja miaka mingapi, shemeji? Kumbe hakuwa akinisubiri nikae. Alikuwa akinisubiri nirudi." Akafunga mfuniko wa kikopo. "Nisipokwenda, sirudi."

Kiwandani walidhani amechanganyikiwa. Mnunuzi hakukataa, fundi wa kukodi alikuwa ghali. Mhasibu akaandika kwamba likizo imekatishwa kwa ombi la mfanyakazi mwenyewe, akamrudishia siku zake sita.

"Lakini baba, hizi mwisho wake ni uleule, mwezi wa sita. Zikipita hapo sina la kufanya. Niletee fomu mapema, usimwambie mtu kwa mdomo."

"Nitaleta," akamwambia.

Jioni ile alirudi kwa njia ya mbele. Mdogo wangu alimshika mkono, akaubana kati ya mikono yake yote miwili, akakaa nao hivyo mlangoni mpaka watoto wa jirani wakaanza kuwatazama. "Umechelewa," akasema. Shemeji akaomba radhi.

Fomu hakuipeleka. Kila nilipomkumbusha alisema bado kidogo, na sauti yake ilikuwa ya yule msimamizi wake, sijui kama alijisikia. Siku moja ya kukaa nyumbani ilikuwa jioni moja ya kupotea, na jioni zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Mwezi wa sita ukaisha, mhasibu akazifuta na hizo sita.

Mdogo wangu bado husimama mlangoni. Jua likishuka miguu humpeleka yenyewe. Lakini juzi shemeji alirudi ametoka kwenye boila moja kwa moja, mkono unawaka, akampa. Aliupokea, akautazama huku na huku, akamrudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.